Pishi Mbili za Bibi na Mwisho wa Insha

"Assalaamu alaykum mwalimu. Nimeandika insha juu ya marehemu bibi yangu na msimu wa karafuu kwetu Wete. Wote walioisoma walinambia ni nzuri ila mwisho wake ni khutba. Nikaufuta. Sasa walewale wananambia insha haikwisha. Nimejaribu kumalizia kwa suali, nikaona linachekesha. Nimalizie vipi bila ya funzo, na nitajuaje kama nimemaliza au nimemwacha msomaji hewani? Insha nzima nimekuletea, na ile aya niliyoifuta nimeiweka chini."

Waalaykumu salaam, mwanangu. Insha nimeisoma yote, na aya ya chini pia. Nianze na hao wanaokwambia haikwisha, kwa sababu wana haki, ila sidhani kama wenyewe wanajua wanachokikosa. Warudie mmoja mmoja uwaulize wamebaki na suali gani. Hakuna atakayekwambia kuwa hakujua bibi alikufunza nini. Watakuuliza karafuu za mwaka ule alizichuma nani.

Angalia ulichowapa. Bibi anafariki msimu umepamba moto. Vikonyo vimeshaanza kuwa vyekundu mtini, majamvi yamo uani, wachumaji wana madai yao ya siku kadhaa. Kila aliyekulia Pemba anajua kuwa karafuu haingoji matanga: ikishachanua bei imeondoka, na ikiachwa zaidi inakuwa mpeta. Halafu wewe unatuingiza chumbani kwa bibi, unapiga magoti, unatoa pishi mbili za kupimia karafuu chini ya kitanda, na karatasi imekwisha. Mimi niliyekuwa nikisoma sikuwemo chumbani pamoja nawe. Nilikuwa bado uani, nangojea kujua wale watu walilipwa au hawakulipwa.

Msomaji wa insha ya namna hii hubeba masuali ya aina mbili. Yapo ya nini kilitokea: nani alifariki, lini, shamba limekwenda kwa nani, nani alipata chake. Na yapo ya hayo yote yana maana gani. Mwisho ulio wazi huyaacha wazi haya ya pili tu. Yale ya kwanza sharti uyajibu, tena uyajibu kabla ya kufika sentensi za mwisho, ili msomaji afike pale hana deni lolote la habari. Usipoyajibu, hata picha iwe nzuri vipi, ataona kama kuna ukurasa uliochanika. Waandishi wengi wakiambiwa haikwisha hukimbilia kulirudisha funzo, wakidhani lile ndilo lililokuwa likifunga insha. Funzo lako halikuwa likifunga kitu. Lilikuwa na sauti kubwa tu, na kwa sauti ile msomaji akasahau kuwa alikuuliza habari za karafuu ukamjibu habari za akhera.

Sasa tuitazame hiyo aya ya chini. Uliandika: "Kwa hakika bibi alinifunza kuwa uaminifu ni hazina isiyooza. Nasi vijana wa leo hatuna budi kufuata nyayo za wazee wetu ili tupate ufanisi duniani na akhera." Ichukue uibandike kwenye insha ya mtu mwengine, juu ya babu yake nahodha wa Mkoani, au mama yake muuza urojo wa Forodhani. Inakaa sawasawa. Hapana neno hata moja ndani yake lililolazimika kuandikwa na wewe. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha aya yoyote ya mwisho, na ni kipimo kisichohitaji mwalimu.

Lakini yako ina tatizo kubwa zaidi, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Katika aya ya sita umeandika kwa haraka sana, kama mtu anayepita mbele ya baraza la wazee bila ya kutoa salamu, kuwa zile pishi mbili hazikuwa sawa. Moja ilikuwa kubwa kuliko nyengine. Umesema uliitia ndogo ndani ya kubwa, ikaingia, pembeni pakabaki nafasi ya kidole. Halafu sentensi inayofuata unatwambia jinsi bibi alivyokuwa akipenda kusali sunna.

Mwanangu, insha yako iko pale, kwenye hicho kidole. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Mwenye shamba akipimia pishi kubwa, mchumaji anachuma zaidi kwa ujira uleule. Na tofauti si ndogo kama inavyoonekana kwa jicho: kopo la upana wa sentimita 14 na la upana wa sentimita 16, urefu ukiwa mmoja, hilo la pili linachukua karibu asilimia 30 zaidi. (Hesabu hii usiitie ndani ya insha. Msomaji wa Pemba ataifanya mwenyewe, na akiifanya mwenyewe itamkaa.) Wewe umeiona ile nafasi, ukaishika kwa kidole, ukaogopa, ukakimbilia kuandika kuwa bibi alikufunza uaminifu. Huenda alikufunza kweli. Lakini insha imeshaweka mezani kitu ambacho uaminifu haukielezi, na funzo limekuja kukifunika kwa kanga.

Hivi ndivyo funzo la mwisho linavyofanya kazi mara nyingi, na ndiyo sababu wasomaji hulisikia kama khutba hata pale ambapo maneno yake ni ya kweli. Si kwamba watu hawapendi kufunzwa, maana kwetu hapa watu hukaa msikitini kusikiliza darsa na wakatoka wameridhika. Ila darsani mtu ameendea darsa. Kwenye insha ameendea kuona ulichokiona wewe, na ukimkatisha katikati ya kuona ukamwambia maana yake, anajua kuna kitu umemzuia asikitazame.

Mazoea hayo tumeyapata skuli, na skuli haikukosea. Ukipewa methali uiandikie insha, unatakiwa mwisho uonyeshe kuwa kisa chako kimeithibitisha methali, na mtahini anakupa alama zake kwa hilo. Ni haki, maana pale unapimwa kama unaweza kushikilia hoja. Kwenye mtihani endelea vivyo hivyo. Ila angalia mafunzo ya kabla ya skuli, ya bibi mwenyewe. Msimulizi wa hadithi anapomaliza hasemi tumejifunza nini. Anasema hadithi yake imeishia hapo, ikiwa njema ni ya wote, ikiwa mbaya ni yake peke yake, na watoto wanabaki kubishana kama sungura alifanya vizuri au vibaya mpaka usingizi uwachukue. Na kanga anayoivaa mtu akapita nayo mbele ya mlango wa jirani haifafanuliwi na mvaaji. Anayepitiwa ndiye anayekaa kutwa akijiuliza kama ameambiwa yeye. Sisi ni watu wa mafumbo. Kumalizia bila ya kufafanua ni jambo tulilokuwa nalo siku zote, tukaliacha nje ya mlango wa darasa.

Turudi kwenye karatasi yako. Wazo la uaminifu usilifute, lisogeze. Lipeleke aya ya tatu, na usiliseme kwa mdomo wako. Waache watu wa mtaani waliseme: kwamba bibi aliitwa mwaminifu, kwamba mtu alikuwa akiweka kwake pesa za hija, chochote ulichokisikia kweli. Likikaa pale mapema linakuwa dai, na insha iliyobaki inalipima. Likikaa mwisho linakuwa hukumu, na hukumu ikishatolewa watu huondoka. Wako wanaodhani kuwa kumalizia kwa picha maana yake ni kuandika insha isiyo na fikira hata moja, matukio matupu. Sivyo. Insha bila ya fikira ni kumbukumbu tu. Fikiri utakavyo, ila fikira yako iweke mahali ambapo bado kuna kitu mbele yake kinachoweza kuipinga.

Kisha picha yenyewe. Katika barua yako umenitajia picha tatu unazozifikiria, na nitakwambia ninavyoziona.

Ya kwanza ni jua likizama nyuma ya kisiwa cha Fundo siku ya maziko. Iache. Jua lilizama siku ile kwa kila mtu wa Wete, aliyefiwa na asiyefiwa, na msomaji ameshaliona likizama katika insha nyingi mno. Ukiona picha yako ya mwisho imetoka mbinguni au baharini na haikuwahi kuguswa na mkono wa mtu yeyote ndani ya insha, jua imeazimwa.

Ya pili ni viganja vya bibi, vyeusi kwa kuchambua karafuu usiku, harufu isiyotoka hata akikosha kwa sabuni. Hii ni nzuri, na umeiandika vizuri: bibi anakamata kikonyo, anakipiga kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka jamvini na makonyo yanatupwa upande wake. Lakini ukimalizia hapo utakuwa umesema "nilimpenda, namkumbuka." Ni funzo lilelile, limevaa nguo nyengine. Viganja viache aya ya kwanza vilipo. Vinatosha pale.

Ya tatu ni pishi moja ndani ya nyengine. Hii ndiyo, kwa sababu mbili. Kwanza inabeba jambo ambalo wewe mwenyewe hujalitatua, kwa hiyo huwezi kuifafanua hata ukitaka. Pili ni kitu kilichofanya kazi ndani ya kisa. Hakikuletwa mwisho kwa ajili ya uzuri.

Ila kwa sasa haitafanya kazi, maana msomaji hajawahi kuiona pishi ikitumika. Picha ya mwisho ikitokea kwa mara ya kwanza mwishoni ni kitendawili ambacho hata mji hakina. Nenda aya ya pili, palipoandikwa "Bibi alikuwa akiwapimia wachumaji kwa uadilifu mkubwa." Hiyo sentensi ifute kabisa, na badala yake utuonyeshe anavyopima. Ulikuwepo. Alikuwa akipima pishi ya mfuto au ya tele? Ikiwa ya mfuto, alikuwa akipitisha nini juu ya mdomo wa pishi, kiganja au kijiti? Karafuu zilizoanguka pembeni zilirudi kwa nani, kwenye kikapu cha mchumaji au kwenye jamvi la bibi? Na mchumaji macho yake yalikuwa wapi? Nimewahi kuona upimaji huo, na watu huwa hawaangalii karafuu, huangalia mkono. Mistari minne au mitano ya namna hii inatosha. Usiseme kama ni haki au si haki. Msomaji akishaona mkono ukipita juu ya pishi ile aya ya pili, basi siku utakapotoa pishi mbili chini ya kitanda atashituka kabla yako.

Huku mwisho, mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Kwanza funga habari, kwa sentensi mbili tatu kavu. Halafu chumbani, pishi, na usimame. Nimekuandikia mfano; habari za malipo na za shamba nimezibuni, wewe utaweka za kweli:

"Tulimzika Alkhamisi baada ya alasiri. Karafuu zilizobaki mtini alizisimamia mjomba, na wachumaji wote walilipwa kabla ya arubaini. Shamba liko kwake mpaka leo. Mimi nilipewa chumba nikisafishe. Chini ya kitanda mlikuwa na pishi mbili za bati, nikadhani ni sawa. Niliitia moja ndani ya nyengine. Ilishuka mpaka chini, na pembeni palibaki nafasi ya kidole."

Angalia vitenzi. Wewe ulikuwa umemalizia kwa "nikaziweka zote mbili juu ya kitanda." Hiyo -ka- ndiyo nusu ya lawama zote ulizozipata. Kwa sikio la Mswahili -ka- inavuta kinachofuata: nikaziweka, halafu? Mtu anayesimulia barazani akisema "akafunga mlango" akanyamaza, wote watamkodolea macho wangojee. Katikati ya aya itumie upendavyo, ila sentensi ya mwisho kabisa ijaribu kwa -li-. "Palibaki nafasi ya kidole" imetua. Ukiandika "pamebaki," unatufanya tuone kuwa bado umepiga magoti pale, na hilo nalo linawezekana ukilitaka; kwa insha hii naona linatia uchungu zaidi kuliko inavyohitaji. Na jihadhari na hu-. "Kila penye pishi mbili hubaki nafasi ya kidole" tayari ni methali, na wewe umesharudi mimbarini bila ya kujua.

Jengine la kuangalia kwa haraka katika sentensi ya mwisho ni yale majina yanayoanzia na u-: uaminifu, upendo, uvumilivu, utu, umoja. Yakiwemo, kuna uwezekano mkubwa funzo limeingia kwa mlango wa uani. Si sheria, uzi na ukuta pia vina u-. Unanielewa.

Sasa suali. Umesema ulijaribu ukaona linachekesha, na uliloniandikia ni hili: "Je, sisi vijana tunajifunza nini kutoka kwa wazee wetu?" Ndiyo, linachekesha, maana si suali. Aliyeliandika analo jibu mfukoni na msomaji analiona likichungulia. Suali la kweli la kumalizia insha lina sifa mbili: mwandishi halijui jibu lake, na limezaliwa na mambo ya insha hii peke yake. Kwa insha yako lipo, tena kali. Pishi moja ya chakula ndiyo inayotolewa fitri kwa kila kichwa mwisho wa Ramadhani. Kwa hiyo nyumbani kwa bibi palikuwa na mambo mawili ya kupimwa: karafuu za wachumaji na fitri za masikini. Ipi alipimia wachumaji, na ipi alipimia fitri? Akiwa amepimia fitri kwa ile kubwa ili asije akapunja haki ya masikini, huyu ni bibi mmoja. Akiwa amefanya kinyume chake, ni bibi mwengine. Na pengine wala si hivyo, pengine kubwa ilikuwa ya karafuu mbichi na ndogo ya kavu, na kila mchumaji alilijua hilo tangu siku ya kwanza na hapana aliyelalamika.

Ukiniuliza mimi kipi kimalizie, suali au picha, nitachagua picha. Suali hilo likikaa mstari wa mwisho litamweka bibi kizimbani, na msomaji atahisi amepewa kazi ya hakimu. Lakini fitri itaje mapema. Katika aya ya nne unapoelezea Ramadhani, tuonyeshe bibi akipima mchele wa fitri kwa pishi, sentensi mbili, bila ya kusema ni pishi ipi. Basi suali litajiuliza lenyewe siku pishi zikitoka mbili. Kinachopotea kwa njia hii ni kuwa wako watakaosoma mpaka mwisho wasilione. Watakwambia ni insha nzuri ya bibi na karafuu, wataishia hapo. Hiyo ni gharama yake na lazima uikubali tangu mwanzo. Usijaribu kuweka vyote viwili, suali na picha, kimoja baada ya chengine. Cha pili kitaonekana kama kimekuja kumsaidia msomaji asiyefahamu, na yule aliyefahamu ataudhika.

Kuna jambo moja lakini ambalo mimi siwezi kulijua nikiwa huku Mjini, na ni lazima ulifanye kabla hujaandika tena. Je, kweli hujui? Au jibu unalo na umelinyamazia? Pishi unazo bado. Zigeuze uangalie kitako, pale penye mshono wa bati, maana pale hujikwama vitu: kikonyo kikavu, punje ya mchele, vumbi. Zinuse. Ikiwa moja ina mchele na nyengine ina karafuu, basi unajua, na ukijua sharti utuambie, kwa sababu hiyo ni habari na habari tumesema haziachwi wazi. Kumficha msomaji unachokijua ili mwisho uonekane mzito ni hila, na wasomaji huinusa hila haraka kuliko karafuu. Usiogope kuwa jibu litaua insha. Ukigundua kuwa kubwa ndiyo ya wachumaji, bado utabaki na bibi yule aliyekulea, anayeamka kabla ya alfajiri, na hakuna kopo litakalokwambia uwaweke vipi hao wawili ndani ya mtu mmoja. Utahitaji picha nyengine, pengine ni ile punje yenyewe kwenye ncha ya kidole, lakini mwisho utakuwa wazi zaidi kuliko sasa.

Umeniuliza pia, kwenye mstari wa pembeni, kama ni vibaya kumaliza bila ya "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi." Dua si vibaya hata kidogo, na bibi anaihitaji kuliko anavyohitaji insha. Ila ikikaa mstari wa mwisho inaigeuza insha nzima kuwa tanzia, na msomaji kwa adabu ataitikia amin na kuinuka, pishi zimesahauliwa. Iweke juu, chini ya kichwa cha habari: kwa marehemu bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hapo haimzuii mtu kusoma.

La mwisho ni la watu, na haliwezi kumalizwa kwa barua. Unaandika juu ya maiti, na tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa wema. Wachumaji wengine bado wako hai, na mjomba ndiye mwenye shamba sasa. Insha hii ikitoka, kuna mtu wa Wete ataisoma akiwa na kikapu chake cha zamani kichwani mwake. Mimi naona umeandika kwa mapenzi na hujamsingizia bibi chochote, lakini si mimi nitakayekaa na familia yako sikukuu. Kwa hiyo kabla hujaipeleka kwa mhariri yeyote, panda boti uende Pemba, ukae na shangazi yako mkubwa, yule uliyesema alikuwa akichambua pamoja na bibi, umsomee kwa sauti kuanzia mwanzo. Usimtangulize kwa maelezo. Ukifika mwisho nyamaza, uangalie atafanya nini kwanza. Akiuliza "halafu?" basi bado kuna habari hujaifunga, itafute ni ipi. Akianza kukueleza yeye mwenyewe habari za pishi zile, chukua kalamu, kwa sababu hapo itabidi uandike upya kuanzia aya ya sita. Na akikwambia hataki jambo hili litoke nyumbani, mwachie muda, na usibishane naye siku hiyohiyo.